Friji Imezimika, Mvumo Umebaki

Simama jikoni usiku, friji ikinguruma, kisha umeme ukatike. Kwa sekunde moja hivi utashangaa kwamba palikuwa na kelele kiasi hicho na wala hukuwa ukiisikia. Sasa fikiria umeme umekatika, friji imetikisika kidogo kama inavyofanya ikizima, na ule mngurumo haujaisha. Umepungua tu, lakini upo.

Hilo ndilo onyesho nililopewa kulitengenezea sauti: hadithi ya kusikiliza, mwanamke peke yake jikoni, dakika mbili na ushei. Nitalifungua lote hapa, kwa sababu ndani yake mna vitu vitatu vinavyosikika karibu katika kila sauti ya kutisha: mvumo mzito unaopotoka tuni polepole, kishada cha noti zilizobanana, na matone machache ya mlio wa juu. Wengi huvichukulia kama vitu vitatu visivyohusiana, vya kupakuliwa kwenye mafaili matatu na kurundikwa. Lakini viwili vya kwanza ni kitu kimoja kinachokwenda kwa kasi mbili, na ukishalijua hilo huna haja ya kubahatisha.

Chukua sauti mbili tupu, zisizo na rangi yoyote. Ya kwanza inasukuma hewa mara 100 kwa sekunde, yaani Hz 100. Ya pili mara 101. Zikianza pamoja zinasukuma pamoja, na sauti inavimba. Nusu sekunde baadaye moja inasukuma wakati nyingine inavuta, nazo zinauana. Nusu sekunde nyingine ikipita, zimepatana tena. Sikio halisikii sauti mbili. Linasikia sauti moja inayopwita, kama jipu linavyopwita usiku. Mimi huuita mpwito. Hesabu yake ni rahisi kuliko hesabu zote za muziki: toa namba ndogo kwenye kubwa, jibu ni idadi ya mipwito kwa sekunde. 101 toa 100 ni mpwito mmoja kila sekunde. Tofauti ikiwa 0.1, mpwito mmoja huchukua sekunde kumi.

Sasa ongeza tofauti taratibu usikie kinachotokea. Chini ya 1, sauti inapumua. Ikifika 5 au 6, inatetemeka kama sauti ya mtu mwenye baridi. Ikipita 20, sikio linashindwa kuhesabu, na badala ya kutetemeka unasikia mkwaruzo, kitu kama msasa juu ya sauti. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliandika juu ya jambo hili mwaka 1863, akakadiria kwamba mkwaruzo huwa mbaya zaidi kwenye mipwito kama 33 kwa sekunde. Mwaka 1965 Waholanzi Plomp na Levelt walionyesha kwamba kiwango hicho hubadilika kadiri unavyopanda kwenye sauti za juu, kwa sababu sikio limegawanya sauti kwenye vichane, na vichane vya juu ni vipana zaidi. Sauti mbili zikiingia kwenye kichane kimoja, zinagombana. Kila moja ikipata kichane chake, ugomvi unakwisha na unasikia noti mbili za kawaida.

Kwa hiyo mvumo wa kutisha ni mpwito wa chini ya mmoja kwa sekunde. Kishada cha kutisha ni mipwito mingi ya kati ya sita na thelathini kwa wakati mmoja. Unayoichezea ni tofauti ileile.

Mvumo ndani ya friji

Nilianza kwa kurekodi friji yenyewe. Umeme wetu Afrika Mashariki hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na vyuma vinavyovutwa na sumaku ya umeme huo huvutwa mara mbili katika kila mzunguko. Ndiyo maana transfoma na friji huvuma zaidi kwenye Hz 100 kuliko kwenye 50. Halafu mota ya friji ya kawaida haizunguki mara 50 kamili kwa sekunde. Huchelewa kidogo nyuma ya umeme wake. Sikiliza friji kuukuu kwa makini na utasikia inapwita yenyewe. Nusu ya kazi yangu ilikuwa imeshafanywa na fundi wa kiwandani.

Katika Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, nilifungua `Plot Spectrum`, picha inayoonyesha nguvu ya sauti kwenye kila Hz, ili nione kilele kiko wapi. Kilikuwa karibu na 100, kama nilivyotarajia. Usiiamini picha hiyo zaidi ya hapo: hata ukichagua ukubwa wa 65536, kwenye rekodi ya Hz 48000 kila hatua yake ni kama Hz 0.7, na sisi tunashughulika na tofauti za 0.1. Mwisho wa yote ni masikio. Tengeneza sauti ya 100, icheze pamoja na friji, kisha hesabu mipwito kwa saa ya mkononi. Mpwito ukichukua sekunde tano, umepishana kwa 0.2. Jaribu 100.2, kisha 99.8, na moja kati ya hizo itatulia. Kwa maelezo haya nitachukulia kwamba friji iko kwenye 100 kamili.

Mvumo wangu una tabaka mbili. Ya kwanza ni `Tone` ya `Sine`, yaani sauti tupu, Hz 100, haibadiliki mwanzo hadi mwisho. Ya pili imetoka kwenye `Chirp`, kifaa cha Audacity kinachotoa sauti inayoteleza kutoka namba moja hadi nyingine. Nimeipa mwanzo 100, mwisho 99, muda sekunde 100. Maana yake, kila sekunde inayopita tofauti inaongezeka kwa 0.01. Baada ya sekunde 20 tofauti ni 0.2 na mpwito mmoja unachukua sekunde tano, kama pumzi ya mtu aliyelala usingizi mzito. Baada ya sekunde 50 ni mpwito mmoja kila sekunde mbili. Mwishoni ni mmoja kila sekunde, mwendo wa moyo uliotulia. Hakuna msikilizaji atakayekuambia kwamba sauti imeshuka. Kushuka kwa asilimia moja kwa muda wa dakika nzima na zaidi hakusikiki. Atakachohisi ni kwamba kitu kilichokuwa kimelala kinaamka.

Hapa ndipo kosa kubwa la kwanza hutokea. Programu nyingi za sinthesaiza hupima kupotoka kwa tuni kwa senti, ambapo nusu toni moja ina senti 100. Mtu anasoma mahali fulani kwamba aweke senti 10, anaweka, na anaisambaza kwenye noti zote. Lakini senti ni kipimo cha uwiano, na mpwito unafuata tofauti. Senti 10 kwenye Hz 55 ni kama Hz 0.32, mpwito wa sekunde tatu, mzuri kabisa. Senti 10 zilezile kwenye Hz 440 ni Hz 2.5, na hapo huna mvumo wa kutisha tena, una akordioni. Ukitaka noti ya juu ipumue polepole kama ya chini, lazima upunguze senti zake kila unapopanda oktava. Mimi huacha senti kabisa na kuandika Hz.

Kosa la pili nililifanya mwenyewe. Katika jaribio la kwanza niliweka tabaka mbili zenye ukubwa sawa, moja sikio la kushoto, nyingine la kulia. Kwenye headfoni ilikuwa nzuri mno, mvumo ukizunguka kichwani kama inzi aliyechoka. Nikamtumia dada yangu, naye akanijibu kwamba sauti inakatika-katika. Alikuwa anasikiliza kwenye simu yenye spika moja. Spika moja inaunganisha kushoto na kulia, na sauti mbili zenye ukubwa sawa zikiuana zinauana kabisa: inabaki sufuri. Dawa ni kuzinyima usawa. Tabaka ya kwanza nikaipa `Amplitude` ya 0.2 na ya pili 0.1, zote mbili katikati. Sasa zikisaidiana ni 0.3 na zikipingana ni 0.1, mvumo unapungua kama desibeli tisa na nusu, lakini haufi.

Simu ileile ilinikumbusha tatizo la tatu, ambalo ndilo gumu zaidi. Spika ya simu haiwezi kutoa Hz 100 kwa nguvu ya maana. Mtu anatumia wiki nzima kuchonga mvumo mzito, na nusu ya wasikilizaji wake hawausikii hata kidogo. Bahati nzuri ubongo una tabia ya kujaza pengo: ukisikia 200, 300, 400 na 500 pamoja, unahisi kuna 100 chini yake hata kama haipo. Kwa hiyo mvumo unahitaji ngazi za juu kama hizo, na njia rahisi ya kuzipata ni kuukwaruza kidogo kwa kifaa cha `Distortion`.

Mpangilio wa kazi hapa unabadilisha kila kitu. Ukikwaruza kila tabaka peke yake kisha ukazichanganya, ngazi ya pili ya moja ni 200 na ya nyingine 199.8, ya tano ni 500 na 499.5. Tofauti inakua kwa kila ngazi, na kila ngazi inapwita kwa mwendo wake: chini polepole, juu haraka. Matokeo yake ni sauti inayometameta, kama bati juani. Lakini ukichanganya tabaka kwanza, halafu ukakwaruza mchanganyiko, ngazi zote zinavimba na kusinyaa pamoja na mpwito wa chini, kama mbavu za kiumbe kimoja. Njia zote mbili ni halali. Kwa onyesho hili nilitaka kiumbe kimoja, nikachanganya kwanza. Na nilikwaruza kwa kiasi, kwa sababu mkwaruzo ukizidi unabana sauti na kuufuta mpwito niliohangaika kuupata.

Nitaje pia ile hadithi ya Hz 19, maana kila ninapozungumzia mvumo kuna mtu huniuliza. Mwaka 1998 Mwingereza Vic Tandy aliandika kwamba feni iliyokuwa ikitikisa hewa karibu na Hz 19 kwenye maabara ndiyo iliyowafanya watu waone mzimu. Tangu hapo mitandao imejaa mafaili ya "sauti ya hofu isiyosikika". Spika ya simu haitoi hata 100, sasa hiyo 19 ataipata wapi msikilizaji wako? Inakula nafasi ya ukubwa wa sauti kwenye faili, basi. Ikate chini ya 35 na uendelee.

Kishada

Kishada kinaingia baada ya giza. Nilitaka kitu kama watu wanaoguna wakiwa wamefunga midomo, wengi kiasi kwamba huwezi kuhesabu.

Noti niliyoanzia ni Hz 220, ile iitwayo la, ya chini. Juu yake nikaweka robo toni nne mfululizo: 226.45, 233.08, 239.91 na 246.94. Mpiga fidla wa taarabu hataona ajabu yoyote kwenye robo toni. Tofauti ni kwamba yeye huzipiga moja baada ya nyingine, mimi nazibandika zote kwa pamoja. Toa jirani kwa jirani, unapata mipwito kama sita na nusu kwa sekunde. Ruka moja, unapata kumi na tatu. Ruka mbili, ishirini. Ya kwanza na ya mwisho zinapishana kwa karibu 27. Sauti tano zina jozi kumi, na kila jozi ina ugomvi wake.

Jambo la kuangalia ni upana wa kishada kizima. Kichane cha sikio karibu na Hz 220 kina upana wa Hz 50 hivi, na kishada changu kizima, mwanzo hadi mwisho, kina upana wa 27. Kimeingia chote ndani ya kichane kimoja. Sikio linajua kuna wengi humo ndani lakini halina kisu cha kuwatenganisha. Ukitanua noti hizohizo tano zikajaa oktava nzima, kila moja inapata nafasi yake, na unachosikia ni mpangilio wa noti za jazi. Jaribio langu ni hili: zima spika, kisha jaribu kuimba noti moja uliyoisikia ndani ya kishada. Ukiweza bila kusita, hicho bado si kishada.

Kuna kikomo upande wa chini pia. Nusu toni kwenye Hz 55 inapishana kwa Hz 3 tu, kwa hiyo kishada kilichojengwa huko hakikwaruzi, kinagugumia kama tope linalochemka. Watu wengi hukosea hapo kwa kudhani kwamba chini zaidi ni kutisha zaidi. Kati ya 200 na 600 ndipo ugomvi unasikika vizuri, na ndipo spika ya simu inaanza kuamka.

Ningeweza kuzitengeneza zote tano kwa `Tone`, na nilijaribu. Zilitoka safi kama mashine za wodini. Nikaamua kuguna mwenyewe mbele ya kipaza sauti, nimejifunika blanketi kuzuia mwangwi wa chumba, "mmm" ya sekunde kumi na tano, mara tano. Kila mguno nikauvuta kwa `Paulstretch`, kifaa kilichomo ndani ya Audacity ambacho huirefusha sauti mara nyingi bila kuishusha noti. Nikaweka `Stretch Factor` ya 6, na mguno wa sekunde kumi na tano ukawa dakika moja na nusu. Kwa muda huo pumzi haisikiki, mwanzo wa noti hausikiki, kinachobaki ni rangi ya koo la mtu. Halafu nikatumia `Change Pitch` kuzipandisha nne kwa nusu toni 0.5, 1, 1.5 na 2. Usichukue mguno mmoja ukaunakili mara tano. Nakala zina kasoro zilezile mahali palepale, na sikio, ambalo limeshindwa kutenganisha noti, litaugundua unafiki huo mara moja.

Miguno haiingii pamoja. Wa kwanza unaanza 1:04, kisha 1:15, 1:22, 1:35 na 1:48, kila mmoja ukipanda kutoka kimya kwa sekunde kumi na tano. Mguno wa kwanza peke yake ni kama wimbo wa mama anayebembeleza mtoto. Wa pili ukiingia, robo toni moja juu, kuna kitu kinaanza kutetemeka, na msikilizaji anaweza kudhani ni masikio yake. Wa tatu unathibitisha kwamba si masikio. Ukiiingiza yote kwa mkupuo, unamtisha mtu kwa sekunde mbili, na baada ya hapo anajua ni muziki.

Tatizo lililobaki ni maneno. Mwanamke wetu anaita "Nani?" kwenye 1:30, na sauti ya mwanamke akizungumza huanzia palepale karibu na 200. Kishada kikiwa kikubwa, neno linazama, na msikilizaji akirudisha nyuma ili asikie vizuri, hofu yote imekwisha. Nilikishusha kishada desibeli 18 chini ya maneno, na kwa sekunde mbili za neno hilo nikakishusha nyingine tatu. Hakuna aliyegundua. Waliosikiliza waliniambia kishada kilikuwa kikubwa.

Matone

Juu ya hayo yote kuna milio minne. Minne tu, kwa dakika mbili na ushei.

Mlio wa kwanza, kwenye 0:23, si wa kutisha. Umeme upo, mwanamke anaosha vyombo, anaweka glasi juu ya meza na glasi inalia. Niliirekodi kweli, kwa kuigonga kwa upande wa kijiko. Msikilizaji anaipokea kama sauti ya jikoni na kuisahau.

Ya pili, ya tatu na ya nne ni glasi ileile, isipokuwa nimekata mgongano wa mwanzo. Nimefuta sehemu ambapo kijiko kinagusa, na badala yake mlio unapanda ndani ya sehemu 40 za elfu za sekunde, kisha unafifia kwa sekunde tatu. Sikio hujua sauti inatoka wapi hasa kwa ule mgongano wa mwanzo, kwa sababu unafika sikio moja kabla ya jingine. Ukiuondoa, sikio linabaki na mlio mwembamba usio na anwani. Stevens na Newman walipima jambo hili mwaka 1936, wakakuta kwamba watu hukosea zaidi kutaja mwelekeo wa sauti tupu zilizo karibu na Hz 3000. Sauti za chini ya hapo sikio huzipatia mwelekeo kwa tofauti ya muda, za juu ya hapo kwa kivuli cha kichwa, na pale katikati njia zote mbili zinakuwa dhaifu. Yeyote aliyewahi kumtafuta nyenje mmoja aliyejificha chumbani usiku analifahamu hili bila kusoma popote. Unageuka kushoto, analia kulia. Nyenje hulia juu kidogo ya hapo, kwenye Hz 4000 au 5000, lakini adha yake ni hiyohiyo.

Glasi yangu ililia kwenye Hz 2700 hivi, nikaiacha hapo. Kama huna glasi ya kufaa, tengeneza mlio kwa `Sine` tatu zinazofifia pamoja, lakini usizipange 1, 2, 3 kama za zumari. Nondo ya chuma iliyoning'inizwa ikigongwa hutoa ngazi zenye uwiano wa 1, 2.76 na 5.40. Ukianza na 1500, ya pili iwe 4140 na ya tatu 8100, kila moja ikiwa ndogo na ikifa mapema kuliko iliyo chini yake. Uwiano huo usio kamili ndio unaomwambia msikilizaji kwamba kuna kitu cha chuma, si chombo cha muziki. Juu zaidi ya hapo sioni faida. Masikio ya watu wazima hupoteza sauti za juu kabisa kadiri miaka inavyokwenda, na faili likibanwa liwe dogo, huko juu ndiko kunakokatwa kwanza.

Muda wa milio ndio wenye nguvu kuliko sauti yake. Ya pili ipo 1:01, sekunde ishirini baada ya giza, wakati msikilizaji ameshaanza kuzoea. Baada ya hapo anasubiri, na bila kujua anakisia kwamba itachukua muda kama ule. Ya tatu inakuja 1:10, baada ya sekunde tisa. Sasa anatarajia haraka. Ya nne haiji. Kishada kinajaa, mwanamke anaita, mvumo unaongeza mwendo, na mlio hauji hadi 1:58. Kati ya 1:10 na 1:58 ndipo nilipopata hofu nyingi kuliko mahali pengine popote kwenye faili, na pale hakuna mlio wowote. Kuna jaribio nililofanya la kuipanga milio minane, kila baada ya sekunde kumi na tano. Kufikia wa nne ilikuwa saa ya ukutani.

Nililazimika kuwashughulikia nyenje. Rekodi ya nje ya dirisha ilikuwa imejaa nyenje, nzuri, usiku halisi wa pwani, lakini walikuwa wamekalia jirani na milio yangu, kila mlio ukifunikwa. Badala ya kuwakata kwa ekwalaiza nikawapa kazi: wapo tangu mwanzo, na kwenye 0:59, sekunde mbili kabla ya mlio wa pili, wananyamaza. Aliyekulia mahali penye nyenje anajua wanaponyamaza ghafla ni nini kimepita.

Mwisho wa onyesho

Nipange sasa jinsi vitu hivi vinavyokutana. Mvumo wa tabaka ya kwanza unaanza 0:10 chini ya friji, desibeli 12 chini yake, kwenye noti ileile. Haiwezekani kuusikia, nilijaribu nikijua upo na bado sikuusikia. Kwenye 0:41 umeme unakatika. Friji inatikisika na kufa, na mvumo, ambao sikuugusa, unajitokeza kama jiwe maji yakitoka. Hapo hapo ndipo `Chirp` inaanza. Kwa sekunde ishirini za kwanza msikilizaji hana hakika kama anachosikia ni friji iliyobaki sikioni mwake.

Sikuongeza sauti ya mvumo kwa ghafla mahali popote. Kutoka 0:41 hadi 2:05 unapanda desibeli sita, mwinuko mrefu kiasi kwamba hausikiki kama kupanda. Lazima upande, kwa kuwa sauti isiyobadilika huachwa na ubongo baada ya muda mfupi, kama ulivyoiacha friji yako mwenyewe jioni hii.

Kwenye 2:05 miguno mitano inakatika kwa pamoja, bila kufifia, kama mtu aliyezibwa mdomo. Sikuweka kimya kamili pale. Kimya cha kompyuta, chenye sufuri tupu, kinamfanya mtu aangalie kama simu imezima chaji. Niliacha hewa ya chumba, nguo za mwanamke zikisugua ukuta, na mvumo, ambao sasa unapwita karibu mara moja kwa sekunde.

Halafu, 2:12, umeme unarudi. Friji inawaka, Hz 100, ileile tuliyoizoea tangu mwanzo. Mwanamke anacheka kidogo kwa kujionea aibu. Lakini `Chirp` imeshateremka hadi karibu 99.1 na haikurudi, kwa hiyo friji yenyewe sasa inapwita, na mwanzoni haikuwa ikipwita hivyo. Inaendelea kupwita chini ya kicheko chake hadi faili linapokatika, katikati ya mpwito, upande wa kuvimba.